Nondo Zimefika, Cheti Kimefika: Je, Ni Vya Mzigo Mmoja?

Lori la nondo likifika saiti, karatasi ya kwanza kutolewa huwa cheti cha kiwanda. Dereva anacho kwenye bahasha, msambazaji anakisifia kwa sababu kina mihuri, na mkandarasi anataka nondo zishuke haraka kwa kuwa winchi imekodiwa kwa saa. Siku chache baadaye inakuja karatasi ya pili, ya maabara, yenye matokeo ya vipande vilivyokatwa kwenye mzigo huohuo. Hapo mhandisi anaziweka karatasi mbili mezani na kuamua: nondo zifungwe, au zirudi zilikotoka.

Wengi huamua kwa kutazama namba moja tu. Mchoro unataka nondo ya daraja la 500, cheti kinasema 548, maabara inasema 527. Zote zimevuka 500, basi saini inapigwa. Lakini hiyo 527 inaweza kuwa ya nondo isiyofaa kabisa kupokelewa, na karatasi zenyewe, zikisomwa vizuri, zinasema hivyo.

Tuchukue mzigo mmoja wa mfano. Namba zake nimezipanga mwenyewe ili hesabu ionekane, ila kila kasoro iliyomo ni ya aina ambayo watu wa saiti wanaijua. Ni nondo za ghorofa nne: tani 16 za milimita 12, zikiwa bando nane, na tani 10 za milimita 16, bando tano. Mchoro umetaja kiwango cha BS 4449, daraja B500B, kama inavyoandikwa kwenye michoro mingi ya Tanzania na Kenya. Mradi mwingine ungeweza kutaja kiwango cha Afrika Mashariki, EAS 412-2, na baadhi ya mipaka ingebadilika kidogo. Kwa hiyo kabla ya lolote soma mkataba umetaja kiwango gani, maana cheti kilichotolewa kwa kiwango kimoja hakijibu maswali ya kingine.

Cheti cha kiwanda kinazungumzia myeyusho, yaani chuma kilichotoka katika tanuru moja kwa mkupuo mmoja. Kila myeyusho una namba yake, ambayo mafundi huiita hiti namba. Kemia ya chuma, kiasi cha kaboni, manganizi, salfa na vinginevyo, hupimwa kwa kila myeyusho, na vipande vya kuvutwa na kupindwa kiwandani huandikwa chini ya namba hiyohiyo. Kwa hiyo cheti kisichotaja namba ya myeyusho ni barua tu ya mauzo. Na chenye namba kinakuwa na maana pale tu namba hiyo itakapoonekana kwenye tagi ya bati au plastiki iliyofungwa kwenye bando.

Ndiyo maana kazi ya kwanza haifanyiki mezani. Inafanyika kwenye rundo la nondo, kabla waya za bando hazijakatwa. Mkaguzi anazunguka bando kwa bando na daftari, anaandika namba ya tagi, kipenyo, daraja, na alama ya kiwanda iliyochorwa kwenye mbavu za nondo yenyewe. Waya zikishakatwa na tagi zikishatupwa, nondo zote zinakuwa ndugu na hakuna maabara itakayoweza kuzitenganisha.

Katika mzigo wetu, bando tano za milimita 16 zote zina myeyusho mmoja, na upo kwenye cheti. Kwa milimita 12 mambo ni mengine. Bando nne zina namba inayoishia na 1187, mbili zina 1192, na mbili zina 1203. Cheti kinataja 1187 na 1192. Hakuna 1203. Tani nne za nondo zimepanda lori bila karatasi, chini ya kivuli cha karatasi za wenzao.

Hili si lazima liwe ulaghai. Ghala la msambazaji hupokea mizigo mingi, na anayepakia anahesabu bando, hasomi tagi. Lakini sababu yoyote iwayo, bando hizo mbili zinawekwa pembeni, zinafungwa utepe, na sampuli zake zinakatwa peke yake.

Kukata sampuli nako kuna utaratibu. Anayechagua nondo ni mwakilishi wa mhandisi, si msambazaji, na vipande vya myeyusho mmoja vinatoka kwenye nondo tofauti, kwa sababu vipande vitatu vya nondo moja vinakueleza habari ya nondo hiyo moja. Hukatwa kwa msumeno au grainda, si kwa gesi, kwani moto hubadili tabia ya chuma karibu na mkato. Nondo nyingi za siku hizi hupata nguvu yake kwa kumwagiwa maji mara tu zinapotoka kwenye mashine ya kubana: ganda la nje hupoa ghafla na kuwa gumu, kiini hubaki laini. Ukiipasha moto nondo ya namna hiyo, unaharibu ganda ambalo ndilo lililobeba sehemu kubwa ya nguvu. Kila kipande kinafungwa lebo yenye kipenyo, namba ya myeyusho na namba ya bando. Lebo inayosema “milimita 12, namba 3” haitoshi.

Maabara hufanya mambo matatu: hupima uzito, huvuta, na hupinda.

Uzito ndio kipimo rahisi kuliko vyote na ndicho kinachodharauliwa. Nondo ina mbavu, hivyo kipenyo chake halisi hakisomeki vizuri kwa kalipa. Kinapatikana kwa kupima kipande chenye urefu unaojulikana. Mita moja ya milimita 12 inapaswa kuwa kilo 0.888, na ya milimita 16 kilo 1.58. Mwenye kusahau atumie njia ya mafundi: zidisha kipenyo kwa kipenyo, gawa kwa 162. BS 4449 inaruhusu uzito kupungua au kuzidi kwa asilimia 4.5 kwa nondo zenye kipenyo cha zaidi ya milimita 8. Kwa hiyo mita ya milimita 12 isishuke chini ya kilo 0.848. Mtu anayejenga nyumba yake mwenyewe anaweza kufanya kipimo hiki kwa mizani ya dukani, na kinamhusu kuliko anavyodhani, maana nondo rejareja huuzwa kwa kipande wala si kwa kilo.

Vipande vya 1187 na 1192 vimepata kilo 0.857 na 0.853 kwa mita. Ni vyembamba kidogo kuliko jina lao, ila vimo ndani ya mpaka. Kiwanda kinachojua kudhibiti mashine yake hupenda kuelea upande huo wa chini, kwa sababu kila gramu ni pesa. Kipande cha 1203 kimepata kilo 0.829, upungufu wa asilimia 6.6. Hicho kimetoka nje ya mpaka.

Sasa turudi kwenye 527. Mashine ya kuvuta hupima nguvu kwa kilonyutoni, kN, nayo haijui unene wa nondo. Ikivutwa, nondo kwanza hurefuka kidogo na ingeachiwa ingerudi ilivyokuwa; kisha hufika mahali inapolegea na kurefuka bila kurudi. Nguvu ya hapo, ikigawanywa kwa eneo la mkato, inatoa kikomo cha kulegea, ambacho kwenye karatasi huandikwa Re kwa megapaskali, MPa. Hicho ndicho kile cha 500. Nondo ikiendelea kuvutwa hufika kilele cha nguvu yake, Rm, kisha hubonyea mahali pamoja na kukatika.

Kipande cha 1203 kililegea kwa 55.6 kN. Tugawe kwa eneo gani? Nondo ya milimita 12, kwa jina lake, ina eneo la milimita mraba 113.1. Lakini kipande hiki kwa uzito wake kina eneo la 105.6 tu. Ukigawa kwa eneo halisi unapata 527 MPa, na mtu anasaini. Ukigawa kwa eneo la jina unapata 492.

Ipi ni sahihi? BS 4449 inataka eneo la jina, na sababu yake ni nyepesi: mhandisi aliyechora boriti alihesabu kwa eneo la jina. Alipoandika nondo nne za milimita 12, alitegemea kila moja ibebe nguvu ya milimita mraba 113.1. Chuma kinaweza kuwa kizuri kabisa kwa kila milimita mraba, lakini kama milimita mraba zenyewe zimepungua, boriti haipati ilichoahidiwa. Hesabu ya eneo halisi inauliza kama chuma ni kizuri. Hesabu ya eneo la jina inauliza kama nondo hii inatosha. Anayepokea mzigo analipia jibu la swali la pili.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha cheti na maabara, tafuta kwenye karatasi zote mbili mstari unaotaja eneo lililotumika. Kama haupo, chukua nguvu ya mashine kwa kN ugawe mwenyewe. Maabara isiyoandika nguvu ya mashine kwenye ripoti yake, ikaandika majibu ya mwisho tu, iombwe iandike. Wala si kuidhalilisha. Ni haki ya mteja.

Kwa 1187 cheti kimesema Re ni 548 na Rm ni 648. Maabara imepata 61.3 kN na 72.6 kN, yaani 542 na 642 kwa eneo la jina. Karatasi zimekubaliana. Hazihitaji kulingana hadi tarakimu ya mwisho, kwani nondo mbili za myeyusho mmoja hupishana kidogo, na mashine mbili nazo hupishana. Mimi nikiona tofauti ya MPa kumi au ishirini sishtuki. Tofauti ya sitini inanirudisha kwenye tagi kuuliza kama kweli hizi ni nondo zilezile. Na nikiona maabara imepata namba zilezile za cheti bila kupishana hata moja, hapo nauliza swali jingine kabisa.

Kuna namba moja ambayo eneo haliwezi kuificha: uwiano wa Rm kwa Re. Kwa kuwa vyote viwili vimegawanywa kwa eneo lilelile, uwiano ni kilele cha mashine kugawanywa kwa nguvu ya kulegea. Daraja B500B linataka uwiano usiopungua 1.08. Kipande cha 1187 kina 1.18. Kile cha 1203, kilichofika kilele kwa 59.4 kN, kina 1.07. Maana yake, nondo ikianza kulegea imebakiza akiba ndogo sana. Boriti iliyozidiwa mzigo inatakiwa ipinde, ipasuke nyufa, itoe onyo kwa watu waliomo. Uwiano mdogo unafupisha onyo hilo.

Tabia hiyohiyo inapimwa kwa njia nyingine, na hapa pana mtego wa pili. B500B inataka mrefuko wa asilimia 5 wakati nguvu iko kileleni, namba inayoandikwa Agt. Vyeti vingi, hasa vya viwanda vilivyozoea viwango vya zamani, huandika mrefuko wa baada ya kukatika, A5, unaopimwa kwenye urefu wa mara tano ya kipenyo ukijumlisha na mahali nondo ilipobonyea. A5 siku zote huwa kubwa zaidi, kwa sababu ndani yake mna ule urefu uliotokea mahali pa kukatikia. Nondo yenye A5 ya asilimia 17 inaweza kuwa na Agt isiyofika 5. Mtu akiona 17 upande mmoja na “isipungue 5” upande wa pili, anadhani nondo imevuka mara tatu, kumbe amelinganisha vitu viwili visivyofanana.

Agt inaweza kupatikana hata bila vifaa vya kisasa. Kabla ya kuvuta, fundi wa maabara hutia alama kwenye nondo kwa hatua sawa. Baada ya kukatika, hupima milimita 100 za mwanzo kwenye kipande kirefu, mbali na mahali ilipokatika, angalau milimita 50 au mara mbili ya kipenyo, kinachozidi kati ya hivyo. Kwenye 1203 milimita 100 zilikuwa 104.4. Huo ni mrefuko wa asilimia 4.4, ukiongeza ule mdogo uliorudi nondo ilipoachiwa, ambao ni Rm kugawanywa kwa 2000, unapata asilimia 4.7. Cheti kikitaja A5 pekee, mwombe msambazaji alete Agt kutoka kiwandani, na wakati huohuo uiagize maabara ipime.

Mpaka hapa 1203 ina Re 492, uwiano 1.07, Agt 4.7. Zote ziko chini kidogo ya namba ya daraja. Msambazaji mjuzi atakuja na hoja, na hoja yake si ya kupuuzwa. Atasema 500 si sakafu ya kila nondo. Ni namba ambayo nondo 95 kati ya 100 za uzalishaji wa kiwanda zinapaswa kuivuka, hivyo chache zinaweza kuwa chini kihalali. Ni kweli. BS 4449 ina sakafu ya kipande kimoja kimoja iliyo chini zaidi: 485 kwa Re, 1.06 kwa uwiano na 4.0 kwa Agt ya B500B. Kipande chetu kimevuka sakafu zote tatu. Kwa mvuto peke yake huwezi kukikataa.

Lakini ruhusa hiyo ya kushuka chini ya 500 imejengwa juu ya takwimu za kiwanda za muda mrefu, na cheti ndicho kinachoileta ruhusa hiyo saiti. Myeyusho usio na cheti hauna historia ya kuegemea. Kwa mzigo wa namna hiyo, kiwango cha kimataifa cha ISO 6935-2 kina njia yake: vunja vipande 15, tafuta wastani na mtawanyiko wake, kisha toa kwenye wastani mara 2.33 ya mtawanyiko; jibu lisishuke chini ya 500. Nondo zenye wastani wa 503 na mtawanyiko wa 9 zinabaki na 482, nazo zimefeli. Kwa maneno mengine, kundi ambalo wastani wake unagusa 500 halitafuzu. Wastani lazima uwe juu ya hapo kwa nafasi ya kutosha.

Katika mzigo wetu hata gharama hiyo haikuhitajika. Mkaguzi alirudi kwenye bando mbili za 1203, akachagua nondo kumi, akakata mita moja moja na kuziweka kwenye mizani. Zote zilikuwa kati ya kilo 0.825 na 0.840. Hakuna iliyofika 0.848. Kwenye uzito hakuna hadithi ya 95 kati ya 100. Mpaka ni mpaka. Na mita kumi zilizopimwa mbele ya msambazaji hazibishaniwi kama karatasi inavyobishaniwa.

Imebaki milimita 16. Mvuto wake ulikwenda vizuri na ulikubaliana na cheti, lakini ripoti ya kupinda ikasema vipande viwili kati ya vitatu vimepasuka. Mkandarasi akataka tani 10 zote ziondolewe. Hapa nilipenda utulivu wa mhandisi wa mfano wetu: aliuliza kwanza nondo ilipindiwa kwenye pini ya ukubwa gani.

Kipimo kinachotakiwa na BS 4449 ni kupinda na kurudisha. Nondo hupindwa nyuzi 90 kuzunguka pini, huwekwa kwenye joto la nyuzi 100 za Selsiasi kwa saa moja au zaidi, huachwa ipoe, kisha hurudishwa nyuma angalau nyuzi 20. Joto lile huharakisha uzee wa chuma, ili kile ambacho kingekuwa kikavu na cha kuvunjika baada ya miezi kijionyeshe leo. Kwa nondo za hadi milimita 16, kipenyo cha pini ni mara nne ya kipenyo cha nondo, hivyo kwa milimita 16 ni milimita 64. Maabara ilikuwa imetumia pini ya 40. Pini ndogo huilazimisha nondo kujikunja kwa ukali ambao kiwango hakikuutaka, na nondo nzuri inaweza kupasuka. Kinyume chake kina madhara zaidi: pini kubwa, ya milimita 100 tuseme, itaipitisha nondo mbovu, na hakuna atakayelalamika. Ripoti ya kupinda isiyotaja ukubwa wa pini haijasema kitu.

Vipande vipya vikapindwa kwa pini ya 64, na safari hii mhandisi alikwenda kuangalia mwenyewe. Upande wa nje wa kona kulikuwa na magamba ya kijivu yaliyoinuka na kupukutika. Hayo ni ngozi ya oksidi inayoachwa na moto wa kiwandani, si ufa. Ufa huonekana kwa macho matupu kama mstari mweusi, mara nyingi kwenye shina la ubavu, na ukipitisha ukucha unakwama. Haukuwepo.

Uamuzi ukaandikwa kwa kila myeyusho, si kwa lori. Milimita 16 zote zimepokelewa, ripoti ya kwanza ya kupinda ikiambatanishwa pamoja na maelezo ya kwa nini kipimo kilirudiwa. Kuificha ripoti iliyofeli kungezaa maswali siku jalada litakapofunguliwa. Milimita 12 za 1187 na 1192 zimepokelewa. Bando mbili za 1203 zimekataliwa kwa sababu mbili zinazojitegemea: uzito chini ya mpaka, na kukosa cheti. Matokeo ya mvuto yametajwa kwenye barua bila kufanywa sababu, maana msambazaji angeweza kuyapinga na kuwa na haki.

Siku iliyofuata ncha za nondo za 1203 zilipakwa rangi nyekundu, pande zote mbili, kabla ya kupanda lori. Msambazaji alinung'unika kwamba sasa hataweza kuziuza kwa mwingine. Bando mbili za kufidia zilifika na cheti chenye namba mpya, tagi zikasomwa na kulingana nacho, na sampuli zikaenda maabara. Kwenye fomu ya maombi mhandisi aliandika kwa mkono wake eneo la jina, Agt, na nguvu ya mashine kwa kN.